Tamko Kuhusu Kuhesabu Pointi na Urefu wa Mechi katika Michezo ya Wavu, Mtwara na Pwani ya Ruvuma

Sisi waamuzi, makocha na manahodha wa mpira wa wavu, wavu wa ufukweni na mpira wa vinyoya, tunaochezea Mtwara Mikindani, Msimbati na vijiji vya pwani mpaka maingilio ya Mto Ruvuma, tunatoa tamko hili kwa timu zote, walimu wa michezo, waandaaji wa mabonanza na wapenzi wa michezo hii.

Tumelazimika kutamka kwa sababu ya lalamiko ambalo limekuwa likijirudia viwanjani kwetu. Linasema kwamba hesabu ya siku hizi, ambayo kila mpira unapokufa kuna anayepata pointi, imeufanya mchezo uwe wa bahati nasibu. Timu iliyojiandaa mwaka mzima inaangushwa na timu iliyokusanyana asubuhi ya mechi. Wanaolalamika wanataka turudi kwenye hesabu ya zamani, ambayo pointi ilikuwa ya anayeanzisha tu. Asiyeanzisha akishinda mpira, alichukua haki ya kuanzisha na ubao ukabaki ulivyo.

Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, na lina kosa. Vigogo wanaanguka mno katika mashindano yetu, hilo tunalikubali. Ila kinachowaangusha zaidi si namna ya kuhesabu. Ni uchache wa mipira inayochezwa kabla mshindi hajatangazwa, na uchache huo tumeuleta wenyewe.

Mabadiliko yenyewe yalitoka mbali na hapa. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Wavu (FIVB) lilianza na seti ya tano peke yake, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1998 likaamua kila mpira uwe pointi katika seti zote, nne za kwanza kwa pointi 25 na ya tano kwa pointi 15, na michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 ikawa ya kwanza kuchezwa hivyo mwanzo hadi mwisho. Mpira wa vinyoya ulifuata mwaka 2006. Gemu ya pointi 15 za mwenye kuanzisha, 11 kwa wanawake wanaocheza mmoja mmoja, ikawa gemu ya 21, kila mpira pointi. Sababu kubwa ilikuwa muda. Katika hesabu ya zamani hakuna ajuaye mechi itaisha saa ngapi. Wachezaji wa skwoshi wanaikumbuka mechi ya mwaka 1983 kati ya Jahangir Khan wa Pakistani na Gamal Awad wa Misri, iliyokwenda saa 2 na dakika 46. Gemu ya kwanza peke yake ilichukua dakika 71, na ubao ulipofungwa ulisomeka 10 kwa 9. Awad ndiye aliyeipata gemu hiyo. Mechi aliichukua Jahangir, aliyekuwa bora zaidi wakati huo, na muda mrefu ule ulimpa nafasi ya kuudhihirisha ubora wake.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tuchukue timu mbili, tuziite Wakubwa na Wadogo. Wakubwa wanashinda mipira 55 katika kila 100, bila kujali nani kaanzisha. Wadogo wanashinda 45. Tofauti hiyo si ndogo wala si ya kutisha, na ndiyo tunayoiona mara nyingi kati ya timu ya kwanza na ya nne katika ligi ya wilaya. Wakicheza kwa hesabu ya sasa, seti yao ya kawaida itaishia karibu na 25 kwa 20. Jumla ni mipira 45, na Wakubwa wamechukua zaidi kidogo ya nusu.

Watu hao hao wakicheza kwa hesabu ya zamani, kupata pointi kunahitaji kushinda mipira miwili mfululizo. Wa kwanza ni wa kuchukua haki ya kuanzisha au kuilinda, wa pili ni wa kupata pointi. Zidisha 55 kwa 55, unapata 3,025. Zidisha 45 kwa 45, unapata 2,025. Ukizigawa pointi kwa uwiano huo, Wakubwa wanapata karibu 60 katika kila 100, na seti ya kwenda 15 itaishia karibu na 15 kwa 10. Kwa macho hapo Wakubwa wanaonekana wamewaonea Wadogo kuliko katika ile ya 25 kwa 20. Lakini kwa kuwa nusu tu ya mipira ndiyo iliyozaa pointi, zile pointi 25 zimetokana na mipira kama 50. Kwa hiyo mmecheza mchezo ule ule, kwa urefu unaokaribiana sana, na ubao tu ndio umeuandika kwa namna tofauti.

Tulipopiga hesabu ya nani atashinda seti, ikatoka hivi. Kwa hesabu ya zamani ya 15, Wadogo wanaiba seti mara 22 hivi katika 100. Kwa hesabu ya sasa ya 25, wanaiba mara 24 hivi. Tofauti ni seti mbili katika mia.

Wazee wetu watasema kwamba mpira wa wavu hauko hivyo, na ni kweli. Kwenye wavu anayepokea ndiye mwenye faida, kwa sababu yeye ndiye anayeandaa na kupiga kwanza. Tukaipiga hesabu upya tukilizingatia hilo. Tuliwapa Wakubwa mipira 65 katika 100 wanapopokea na 45 wanapoanzisha, halafu Wadogo 55 wanapopokea na 35 wanapoanzisha. Hapo hesabu ya zamani inamlinda mkubwa zaidi, kwani Wadogo wanaiba seti mara 19 katika 100, ilhali kwa hesabu ya sasa wanabaki kwenye 24. Lakini angalieni gharama yake. Kwa kuwa anayeanzisha hashindi mara nyingi, haki ya kuanzisha inakwenda na kurudi bila ubao kusogea, na pointi 25 zile zile sasa zinahitaji mipira 60 na zaidi. Ulinzi wa mkubwa umetoka huko huko kwenye wingi wa mipira.

Kuna jambo moja ambalo limewachanganya wengi, nalo ni kupindua matokeo. Waliocheza zamani wanakumbuka seti zilizogeuzwa kutoka 14 kwa 8, na kumbukumbu yao haijawadanganya. Kati ya timu zilizo sawa kabisa, timu iliyo nyuma kwa 24 kwa 18 katika hesabu ya sasa inahitaji kushinda mipira 6 mfululizo ili isawazishe, na hilo linatokea chini ya mara 2 katika 100. Katika hesabu ya zamani, iliyo nyuma kwa 14 kwa 8, hata kama mpinzani ndiye anayeanzisha, inafika 14 kwa 14 zaidi ya mara 4 katika 100. Inaweza kupoteza mpira bila kufa, ikarudi kupokea, ikaanza tena. Ni raha kubwa kuitazama, na tunaelewa kwa nini watu wanaililia. Ila kupindua seti na kumwangusha kigogo ni mambo mawili. Nafasi ya kurudi mchezoni anaipata kila mtu, na anayeitumia vizuri zaidi ni yule aliye bora ambaye ameanza vibaya. Ndiyo maana hesabu ile ile iliyokuwa na visa vingi vya kusisimua ndiyo iliyokuwa ikimlinda mkubwa.

Basi tugeukie urefu wa mechi, kwa sababu hapo ndipo tofauti zinapokuwa kubwa. Tukiwarudia Wakubwa na Wadogo wa 55 kwa 45, wote wakicheza kila mpira pointi: wakikutana kwa seti moja ya 15, Wadogo wanashinda mara 29 katika 100. Kwa seti moja ya 25, mara 24. Kwa mechi ya kutafuta seti mbili, ya tatu ikiwa ya 15, zinashuka hadi 16. Kwa mechi kamili ya kutafuta seti tatu, zinabaki 10. Kutoka seti moja ya 15 mpaka mechi kamili, nafasi ya mdogo imepungua karibu mara tatu, na hatukugusa hata kidogo namna ya kuhesabu.

Kwenye mpira wa vinyoya somo ni hilo hilo. Gemu tatu za zamani za 15 zingempa mdogo ushindi mara 12 katika 100, gemu tatu za sasa za 21 zinampa 16. Mkizicheza gemu tatu za 15, kila mpira pointi, anapata 20. Ukifupisha, mdogo anapumua.

Hesabu hizi zina mipaka yake. Zinachukulia kwamba kila mpira unachezwa upya, kana kwamba hakuna kuchoka, hakuna hasira, wala hakuna jua la saa nane. Timu yenye wachezaji sita bila wa akiba haibaki kwenye 45 mpaka seti ya tano. Hapo mechi ndefu humbana mdogo kuliko hesabu inavyosema. Na kuna jambo la kuanzisha vibaya. Katika hesabu ya zamani, mpira wa kuanzisha ukinasa wavuni ulipoteza haki ya kuanzisha tu. Leo unampa mpinzani pointi pamoja na haki hiyo. Timu changa nyingi za pwani zinapoteza seti hapo. Ukitaka kujua kama timu yako imefungwa kwa uwezo au kwa kuanzisha vibaya, hesabu mipira yako ya kuanzisha iliyokufa wavuni au nje bila mpinzani kuigusa. Ikiwa ni 6 katika seti uliyofungwa 25 kwa 20, hukuzidiwa na mtu katika mipira hiyo 6.

Upepo nao una sehemu yake kwenye ufukwe. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, uwanja wa Msimbati una upande mmoja ambao mpira wa juu unarudi kichwani kwa aliyeupiga, na mwingine ambao mpira wa kuanzisha unavuka mstari wa nyuma usipouzuia kwa mkono. Timu zilizo sawa zinaweza kuwa 60 kwa 40 kwa sababu ya upande tu. Kanuni za sasa za ufukweni zinataka timu zibadilishane upande kila jumla ya pointi 7 katika seti ya 21, na kila pointi 5 katika seti ya mwisho ya 15. Kwa hesabu ya kila mpira pointi, pointi 7 ni mipira 7, basi upepo unagawanywa kwa haki. Kwa hesabu ya zamani, mabadilishano yalisubiri pointi, na pointi zilisubiri mipira. Timu ingeweza kukaa upande mbaya kwa mipira 15 kabla ya pointi 5 kutimia. Kwa uwanja wenye upepo kama wetu, hii peke yake ingetutosha kuukataa mfumo wa zamani.

Tunajua kwa nini waandaaji wanakimbilia seti moja, wala hatuwalaumu. Jua letu linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na viwanja vyetu vingi havina taa. Siku za bamvua maji ya Msimbati yanajaa kuelekea saa kumi jioni, na uwanja uliochorwa asubuhi kwenye mchanga mgumu, chini ya mivinje, unaliwa mstari baada ya mstari. Seti ya 25 inachukua kama dakika 20 hadi 25. Mwenye timu nane na uwanja mmoja anapiga hesabu ya haraka, anaona hazitoshi, anaamua seti moja ya 15 na mshindi kusonga. Timu inayotoka Mahurunga au Kitunguli, iliyopakiana kwenye gari tangu alfajiri, inacheza mipira 27 na kurudi nyumbani. Huo ndio mtindo unaozaa malalamiko, na ungeyazaa kwa hesabu yoyote ile.

Hatusemi kigogo asianguke. Bonanza la Idi au la mavuno ya korosho linapendeza zaidi timu ya kijiji inapomtoa bingwa wa manispaa, na watu hawaji uwanjani kutazama hesabu ikithibitishwa. Mechi fupi ina mahali pake. Lakini mechi ya kuchagua ni kitu kingine. Mkoa wetu ulipokea mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA mwaka 2019, na tena mwaka 2021, na tuliziona timu za mikoa mingine zikiwa na vijana waliochujwa kwa mechi nyingi. Tukimchagua mtoto wa kwenda kuuwakilisha mkoa kwa seti moja ya 15, katika kila mechi 100 za namna hiyo tunamwacha nyumbani aliye bora mara karibu 29. Mtoto huyo hana namna ya kukata rufaa.

Kwa hiyo tunatamka ifuatavyo.

Mashindano yote tunayoyasimamia, ya ndani na ya ufukweni, yatahesabiwa kila mpira pointi. Hatutarudi kwenye hesabu ya mwenye kuanzisha, hata kwa maombi ya timu zote mbili, pale ambapo matokeo yanaingia kwenye msimamo. Wanaopenda kucheza kizamani jioni kwa ajili ya mazoezi wafanye hivyo kwa moyo mweupe. Ni mazoezi mazuri ya uvumilivu na ya kuanzisha.

Mechi zote za kuchagua timu ya wilaya, ya mkoa au ya shule zitakuwa za kutafuta seti mbili kwa uchache, na za fainali seti tatu. Muandaaji asiyekuwa na muda apunguze timu zinazofika siku hiyo, au agawe siku mbili. Asipunguze seti. Makundi ya timu tatu tatu, kila timu ikicheza mbili, ni bora kuliko mtoano wa timu nane kwa seti moja, kwa sababu aliyeteleza mara moja ana mechi nyingine ya kujirekebisha.

Mabonanza yatabaki huru kuchagua urefu, mradi urefu huo utangazwe siku ya kualika timu na si asubuhi ya mechi. Panapokuwa na muda wa seti moja ya 25 na kidogo cha ziada, tunapendekeza seti tatu za 15 za kutafuta mbili. Inachukua mipira kama 64 badala ya 45, na nafasi ya Wadogo wetu inashuka kutoka 24 hadi 20.

Kwenye ufukwe, mwamuzi atasimamisha mchezo kila jumla ya pointi 7, au 5 katika seti ya mwisho, na kubadilisha pande bila kusubiri kuombwa. Mechi za siku za bamvua zianze asubuhi maji yakiwa yamekupwa, na muandaaji aangalie kalenda ya mwezi kabla ya kuchapa ratiba.

La mwisho linahusu fomu. Uzuri mmoja wa hesabu ya sasa ambao bado hatujautumia ni kwamba fomu ya mwamuzi inaonyesha kila mpira nani kaushinda. Jumlisha pointi zote za timu katika msimu, gawanya kwa mipira yote iliyochezwa, unajua kama ni timu ya 52 au ya 57. Seti moja haikuambii, kwani timu zilizo sawa hutoka 25 kwa 20 kila wiki. Mipira 400, ambayo ni seti tisa hivi, inakuacha na mashaka ya asilimia mbili na nusu kila upande, na hapo mwalimu anaweza kuanza kuongea kwa uhakika. Tunaagiza kila mwamuzi, chini ya matokeo ya seti, aandike jumla ya pointi za kila timu kwa mechi nzima na idadi ya mipira ya kuanzisha iliyokufa moja kwa moja. Fomu itakayofika bila tarakimu hizo itarudishwa kwa mwamuzi siku hiyo hiyo, kabla timu hazijaondoka uwanjani.